Hospitali wanasema tunadaiwa 1,285,000, daftari letu linasema 1,000,000. Tofauti imetoka wapi?

#1 MamaKheri_Moro
Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa hesabu, siyo wa pesa.

Mama mkwe alifanyiwa upasuaji wa nyonga kwenye hospitali ya serikali (jina tuliache). Bili ilipofungwa ilisoma 2,640,000. Wakati analazwa tulikuwa tumeshaweka amana 400,000, na ustawi wa jamii wakamsamehe 240,000. Ikabaki 2,000,000 kamili. Tukasaini makubaliano ya kulipa 250,000 kila mwezi kwa miezi 8.

Tulivyolipa hadi sasa:

Februari 250,000
Machi 250,000 (alilipa shemeji kwa wakala huko Dodoma)
Aprili 200,000
Mei 300,000, kufidia pengo la Aprili

Hiyo ni 1,000,000, kwa hiyo tubaki na 1,000,000. Nimepiga simu uhasibu naambiwa salio ni 1,285,000. Mwezi Machi alirudi kliniki mara moja, gharama ilikuwa 35,000. Sasa hiyo 285,000 ni ya nini?

#2 Ngosha_wa_Igoma
Riba hiyo dada. Aprili mlilipa pungufu, wakawapiga faini.

#3 Mzizi_wa_Mwarobaini
Nimekaa pale kwenye benchi nasubiri wahasibu. Leteni kahawa.

#4 KashiaMstaafu
#2 si kweli. Makubaliano ya deni la hospitali ya serikali ni kugawanya deni lililopo, siyo mkopo. Kama karatasi mliyosaini haina kifungu cha riba wala faini, hakuna mahali mfumo utaitoa. Na pengo la Aprili ni 50,000 tu. Faini ya 285,000 juu ya 50,000 hata mkopeshaji wa mtaani angeona aibu.

Dada MamaKheri, angalia namba zako. 285,000 ni 250,000 jumlisha 35,000. Yaani awamu moja haijaingia kwenye deni, na kliniki ya Machi imeongezwa juu. Mimi ningeanza na awamu ya Machi, maana ndiyo pekee iliyolipwa na mtu mwingine, mahali pengine. Una risiti ya hospitali ya malipo hayo, au una meseji ya simu tu?

#5 MamaKheri_Moro
Shukrani mkuu. Ya Machi nina picha ya karatasi ya wakala tu, shemeji alituma Wasap. Zile nyingine tatu nina risiti za hospitali.

#6 Fundi_Hesabu
Kashia umewahi kufunga jalada. 285,000 pia ni 240,000 jumlisha 45,000. Ile 240,000 ni msamaha. Barua ya ustawi wa jamii haipunguzi deni kwa kuandikwa tu, lazima mhasibu aiingize kwenye mfumo. Kama iliishia kwenye faili la karatasi, mfumo bado unamdai mgonjwa. Halafu 45,000 inaweza kuwa dawa za kwenda nazo nyumbani. Famasi hutoa dawa siku ya ruhusa, wakati mwingine baada ya karatasi ya makubaliano kuchapwa. Dawa zinapanda kwenye bili, makubaliano hayajui.

Kwa maelezo haya malipo yote manne yameingia salama na shemeji hana kosa.

#7 Ngosha_wa_Igoma
Kumbe hesabu moja ina majibu mawili. Nimeondoa riba yangu.

#8 KashiaMstaafu
#6 nakubali, inafaa pia. Ndiyo maana kubahatisha kwa kujumlisha hakutoshi. Lakini kuna mstari mmoja unaotenganisha maelezo yetu: salio lilikuwa ngapi kwenye mfumo siku moja kabla ya awamu ya Februari?

Kama mfumo ulisoma 2,000,000, msamaha uliingia na dawa hazipo, basi tatizo limetokea baadaye, kwenye malipo. Kama ulisoma 2,285,000, msamaha haukuingia na Fundi yuko sahihi.

Dada, usiulize "tunadaiwa kiasi gani". Swali hilo litakupa namba moja isiyo na historia. Omba taarifa ya akaunti ya mgonjwa mstari kwa mstari, na taja namba ya faili, siyo jina. Majina yanafanana, na mgonjwa aliyesajiliwa mapokezi mara mbili anaweza kuwa na faili mbili, deni huku na malipo kule.

Jambo la pili, taja kwamba unataka ya kulazwa, siyo ya mgonjwa mzima. Kila hudhurio lina bili yake: kulazwa bili moja, kliniki bili nyingine. Anayekujibu kwa simu mara nyingi anasoma jumla ya mgonjwa, kwa hiyo kliniki, eksirei na vipimo vya baadaye vinajichanganya na deni la makubaliano. Wewe unalinganisha daftari la kulazwa na jumla ya kila kitu, hamtakutana hata siku moja.

#9 Pwani_Raha
Salamu kutoka Mombasa. Mwambieni huyo dada wasikubali mgonjwa azuiwe. Huku kwetu Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015 katika kesi ya akina mama wa Pumwani, Jaji Mumbi Ngugi, kwamba kumfungia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya bili ni kinyume cha katiba.

#10 Mzizi_wa_Mwarobaini
Mpwani, mgonjwa yuko nyumbani Morogoro anakula ugali. Swali ni la daftari.

#11 Pwani_Raha
Haya, nimesoma vibaya, radhi. Basi nichangie la daftari. Huku wengi tunalipia hospitali kwa Paybill, na kosa kubwa liko kwenye sehemu ya akaunti. Unatakiwa kuandika namba ya mgonjwa, watu wanaandika "Mama Aisha bili ya wodi". Pesa inafika kwa hospitali lakini haijulikani ni ya nani, inakaa kwenye malipo yasiyo na mwenyewe mpaka uende na meseji ya M-Pesa kuidai. Kwa hiyo hoja ya bwana Kashia kuhusu ile ya Machi si ya kupuuzwa.

#12 Kijana_wa_Mabibo
Huku Tanzania ni kontrol namba kaka, hakuna kuandika jina. Lakini kontrol namba ikiisha muda na ukalipia, pesa ndiyo imeliwa. Nadhani shemeji alilipia namba iliyokufa.

#13 KashiaMstaafu
#12 nusu yake ni kweli. Ni kweli kontrol namba ina tarehe ya mwisho. Lakini ikishapita, malipo yanakataliwa. Wakala hawezi kupata karatasi ya muamala uliofanikiwa kwa namba iliyokufa. Kama shemeji ana karatasi inayosema imefanikiwa, pesa ilikwenda kwenye namba iliyo hai. Swali ni hai ya nani.

Tena kuna kitu kwenye bandiko #1 wengi mmekipita. Aprili walilipa 200,000 na ikapita. Kontrol namba hazifanani tabia. Ipo inayodai kiasi kamili kilichoandikwa, ukipeleka pungufu au zaidi inakataa. Ipo inayokubali kidogo kidogo hadi deni liishe. Kama uhasibu wangekuwa wanatoa namba mpya ya 250,000 kila mwezi, 200,000 isingepita. Kwa hiyo ama wana namba moja ya 2,000,000 inayolipwa vipande, ama Aprili walikwenda kuombewa namba mpya ya 200,000.

Dada, linganisha tarakimu 4 za mwisho za kontrol namba kwenye risiti zako zote, na ile karatasi ya wakala.

#14 MamaKheri_Moro
Nimeangalia. Februari, Aprili na Mei zinafanana. Ya Machi ni tofauti.

#15 Mzizi_wa_Mwarobaini
Shemeji ameingia kwenye kesi rasmi.

#16 Kijana_wa_Mabibo
Amelipia namba ya kliniki. Mwezi ni huohuo.

#17 Fundi_Hesabu
Haiwezekani kirahisi hivyo. Bili ya kliniki ya 35,000 kwa kawaida hudai kiasi kamili. Ukipeleka 250,000 kwenye namba ya 35,000 inakataa, kama Kashia alivyosema #13. Kama ni namba nyingine, ni ya deni kubwa au ni namba ya muda ya deni hilohilo. Kutofautiana tarakimu peke yake si ushahidi. Labda shemeji alipiga simu hospitali, wakamtengenezea namba yake ya 250,000 juu ya bili ileile.

#18 ShangaziPili
Wanangu, mimi nasema la upande wa familia, maana mnahangaika na mfumo wakati ugonjwa unaanzia nyumbani. Deni la hospitali lilipwe na mkono mmoja. Ndugu wote wamtumie mtu mmoja, yeye ndiye alipe kwa kontrol namba moja na ndiye atunze risiti. Shemeji akiwa Dodoma amtumie MamaKheri, siyo wakala.

Na yale makato ya kutuma yaandikwe kwenye ukurasa wa mchango, yasiingie kwenye ukurasa wa deni. Mtu anakatwa kwenye simu pesa ya awamu pamoja na ada ya kutuma, anaandika yote kuwa amelipa deni. Hospitali inapokea ile awamu tu. Mwezi wa nane mnagombana na kashia kwa elfu kumi na kitu ambazo zilikwenda kwa kampuni ya simu.

#19 Ngosha_wa_Igoma
Shangazi umemaliza. Lakini daftari lenyewe linapangwaje? Wengi tunaandika tarehe na kiasi, basi.

#20 KashiaMstaafu
Tarehe na kiasi ndiyo daftari la MamaKheri, na limemfikisha hapa. Linajumlisha vizuri kabisa, ila haliwezi kusema kosa lilianza lini. Safu inayokosekana ni salio la hospitali. Kila ukilipa, ukishapata risiti, uliza salio la bili ya kulazwa limebaki ngapi, liandike pembeni ya salio lako. Safu ziwe hivi:

tarehe, namba ya risiti ya hospitali, tarakimu 4 za kontrol namba, kilicholipwa, salio langu, salio lao.

Mstari wa kwanza kabisa usiwe awamu ya kwanza. Uwe salio la kuanzia kama lilivyo kwenye mfumo, siyo kama lilivyo kwenye makubaliano. Hayo mawili yakitofautiana siku ya kwanza, unarudi dirishani na barua ya msamaha mkononi huku aliyeisaini bado anakumbuka sura yako.

Anayetumia simu au kompyuta, salio langu likiwa safu ya E na kilicholipwa safu ya D, fomula ni hii tu, kuanzia mstari wa 3 kwenda chini:

```
=E2-D3
```

Usichanganye kliniki humo. Fungua ukurasa wake. Na awamu ambayo huna risiti ya hospitali iandike kwa penseli. Karatasi ya wakala inathibitisha pesa ilitoka kwako. Risiti ya hospitali ndiyo inayosema imepunguza bili ipi.

#21 Afya_Ustawi_Kanda
Nimekuwa nasoma kimya. Niongeze upande wa msamaha, maana #6 amegusa jambo linalotokea. Msamaha ukishaidhinishwa na kuingizwa, bado unaweza kuondolewa kwenye akaunti kama nyaraka zilikosa kitu, kwa mfano sahihi ya mwidhinishaji au barua ya mtendaji wa mtaa. Wakaguzi wa ndani wakipita, msamaha usio na kiambatanisho unarudishwa kuwa deni mpaka ukamilishwe. Familia haipigiwi simu, inakuja kushangaa salio limepanda.

Kwa hiyo hata kama salio la kuanzia lilikuwa sahihi, usifute hoja ya msamaha. Kwenye taarifa ya mstari kwa mstari utaona umeandikwa mara mbili, mara ya kwanza ukipunguza, mara ya pili ukirudi.

#22 Fundi_Hesabu
Hiyo sikuifikiria. Asante.

#23 MamaKheri_Moro
Mrejesho. Nimekwenda dirishani na namba ya faili. Wamenipa karatasi ya muhtasari tu, ya mstari kwa mstari mpaka mhasibu arudi Jumatatu. Muhtasari ni wa kulazwa peke yake, nimewauliza kama mlivyosema. Salio la kuanzia 2,045,000. Salio la leo 1,285,000.

Na ile kliniki ya 35,000 nimekuta risiti yake, tulilipa taslimu kaunta siku ileile. Kwa hiyo haimo.

#24 Mzizi_wa_Mwarobaini
Kahawa imeisha na majibu yote mawili yamekufa. Kazi kwenu.

#25 Fundi_Hesabu
Hayajafa, yamejeruhiwa. 45,000 ya dawa imethibitika, iko kwenye salio la kuanzia. Ila hata hiyo dada ulizia orodha. Kuna dawa na vifaa vya wodini vinavyoombwa famasi, havitumiki, vinatakiwa kurudishwa na kuondolewa kwenye bili. Kurudishwa kwenye kabati ni jambo moja, kuondolewa kwenye bili ni jingine.

Sasa tuendelee. 2,045,000 toa malipo yote manne ni 1,045,000. Wao wanasema 1,285,000. Tofauti ni 240,000 kamili, yaani msamaha. Ni kama Afya_Ustawi alivyosema #21, uliingia, kisha ukarudishwa. Inakaa bila kubaki hata shilingi.

#26 KashiaMstaafu
Inakaa vizuri, nakiri. Lakini tarakimu za Machi bado zinanisumbua. Chukua upande wangu: 2,045,000 toa malipo matatu yenye risiti, 250,000 na 200,000 na 300,000, unapata 1,295,000. Wao wana 1,285,000. Napungukiwa 10,000 tu. Elfu kumi kuingia kwenye bili isiyo yake si ajabu. Ada ya kumwona daktari kwenye kliniki ya Machi inaweza kuwa ilipokelewa kaunta ikapachikwa kwenye bili ya kulazwa, kwa sababu kashia alifungua mstari wa juu badala ya wa chini.

Dada, ile risiti ya kliniki ya 35,000, imeandikwa mstari mmoja au imegawanywa?

#27 MamaKheri_Moro
Imegawanywa. Kumwona daktari 10,000, eksirei 25,000.

#28 Kijana_wa_Mabibo
Eeeh!

#29 Fundi_Hesabu
Bado si ushahidi. Ili hoja ya Kashia isimame yanahitajika makosa mawili kwa wakati mmoja, awamu kupotea na elfu kumi kuhamia. Yangu inahitaji kosa moja.

#30 KashiaMstaafu
Kwenye mwezi mmoja, mgonjwa mmoja, na namba mbili hai, makosa mawili hutembea pamoja kuliko unavyodhani. Ila sibishani na karatasi ambayo haijatoka. Dada, Jumatatu nenda na vitu vitatu: nakala ya barua ya msamaha, ile karatasi ya wakala yenye namba ya muamala, na risiti ya kliniki. Ukifika usiombe wakutafutie kosa. Muulize mhasibu mambo mawili. Kwanza, kontrol namba ya Machi imefungwa kwenye bili gani. Anaiandika kwenye mfumo, inamwonyesha ilitolewa kwa ajili ya nani. Pili, kwenye bili ya kulazwa kuna mstari wowote wa 240,000 ulioongeza deni baada ya Februari.

Kama ni Machi, malipo yanahamishwa kutoka bili isiyo sahihi kwenda yenu. Hiyo haifanyiki dirishani, inahitaji barua yako na idhini ya mkuu wa uhasibu, kwa hiyo mwombe akugongee muhuri kwenye nakala ya barua siku unayoipeleka. Wakati mnasubiri, awamu ya Juni lipeni kama kawaida kwa ile namba ya zamani. Msikate wenyewe.

#31 Afya_Ustawi_Kanda
Na kama ni msamaha, asianzie uhasibu. Arudi ustawi wa jamii aulize kiambatanisho gani kilikosekana, akikamilishe, wao ndio watakaoupeleka tena. Uhasibu hawana mamlaka ya kuurudisha.

#32 ShangaziPili
Na shemeji aulizwe kontrol namba ya Machi alipewa na nani. Nyie wote mnauliza mashine, hakuna aliyemuuliza mtu.

#33 MamaKheri_Moro
Shangazi nimemuuliza sasa hivi. Anasema alitumiwa na wifi. Wifi anasema alipewa na nesi wa kliniki. Nesi jina hamkumbuki.

#34 Fundi_Hesabu
Nesi wa kliniki hatoi kontrol namba ya deni la wodi. Hapo Kashia umepata pointi moja.

#35 KashiaMstaafu
Nusu pointi. Anaweza kuwa aliiomba uhasibu kwa niaba yao. Tusubiri Jumatatu.

#36 Ngosha_wa_Igoma
Samahani kutoka nje ya uzi kidogo: bili ikigawanywa kwa miezi isiyogawanyika, mfano 1,850,000 kwa miezi 6, ile 308,333 na senti inaandikwaje?

#37 KashiaMstaafu
Miezi 5 ya mwanzo 310,000, wa mwisho 300,000. Mwombe aandike hivyo kwenye makubaliano yenyewe, mwezi wa mwisho utajwe kwa kiasi chake. Akiandika "awamu sita sawa" utamaliza miezi 6 mfumo ukiwa bado unakudai shilingi mbili, na bili yenye shilingi mbili haifungwi.

#38 Mzizi_wa_Mwarobaini
Shilingi mbili nitazitoa wapi mimi, sarafu yenyewe haipo.